"Bei gani, na mnaleta hadi wapi?" Namna ya kujibu komenti za wateja chini ya picha ya bidhaa

Mteja anapoandika "Bei?" chini ya picha ya mkoba unaouza, ukamjibu "Njoo inboksi", umemjibu yeye na kuwafungia mlango wengine. Wapo watu wanaopita kwenye posti ile kimyakimya. Hawaandiki chochote, wanashuka kwenye komenti kuona kama kuna aliyekwisha kuuliza, wasome jibu na kuamua. Wakikuta "njoo inboksi" mara nane mfululizo, wengi watadhani bei inapangwa kwa kumtazama mtu usoni, na wataendelea na safari yao. Mimi nauza mikoba, na kwa muda mrefu nilijibu hivyo nikiamini namvuta mteja karibu. Siku nilipoanza kuandika bei hadharani, inboksi yangu ilipungua kelele, na waliobaki humo walikuwa watu wanaotaka kununua kweli.

Hivyo kila jibu unaloandika chini ya posti liandike kwa ajili ya watu wawili: aliyeuliza, na asiyeuliza atakayelisoma siku tatu baadaye. Mengine yote katika mwongozo huu yanatoka hapo.

Nitachukua posti moja kuanzia kabla haijapandishwa hadi mzigo unapoisha. Bidhaa ni mkoba wa saizi mbili: mdogo 2,800 na mkubwa 3,500. Namba ni za mfano tu, ziweke katika fedha unayotumia.

Kabla ya kupandisha posti: zijue gharama zako za kufikisha mzigo

Bei ya mkoba unaijua kichwani. Kinachochelewesha jibu ni delivari. Mtu anauliza "Hadi kwangu ni kiasi gani?", nawe unaanza kumpigia dereva wa pikipiki, hapokei, unasubiri, na ukirudi baada ya saa mbili mteja amekwisha kununua kwingine. Kazi hii inamalizika mara moja, usiku mmoja, kabla ya posti.

Chukua daftari, rudi kwenye oda zako 20 za mwisho. Andika kila moja ilikwenda wapi na ulilipa kiasi gani kuifikisha. Usiandike ulichomtoza mteja, andika kilichotoka mfukoni mwako. Utaona namba zinajikusanya zenyewe katika mafungu. Kwenye mfano wetu, za karibu zilikuwa kati ya 200 na 300, za kati zilikuwa 400 hadi 550, za mbali zilikuwa 650 hadi 900. Basi una maeneo matatu, na bei zake ni 300, 550 na 900.

Utajiuliza kwa nini nimechukua namba ya juu ya kila fungu badala ya wastani. Wastani unafaa kwa mwenye oda nyingi kila siku, kwa sababu safari ya hasara inafidiwa na safari ya faida. Mwenye oda tano kwa wiki anaweza kupata zote tano kwenye ncha ya mbali ya eneo, na hasara hiyo haina wa kuifidia. Ukiona mteja yupo hatua chache tu kutoka kwako, mpunguzie. Kupunguza kunapokewa kwa furaha. Kumwambia mtu baadaye kwamba aongeze ni jambo jingine kabisa.

Mpaka kati ya eneo na eneo uwe kitu kinachoonekana: daraja, barabara kuu, mto, soko. Wateja hawajui "eneo la pili" ni lipi, lakini wanajua kama wanaishi ng'ambo ya daraja. Kwa mzigo unaotumwa nje ya mji kwa basi, kumbuka gharama zake ni mbili. Ipo ya kifurushi yenyewe, na ipo ya kuufikisha mzigo kituoni, ambayo wauzaji wengi huisahau. Kama kifurushi ni 600 na kufika kituoni ni 250, gharama ya kutuma ni 850. Ukiandika 600, kila mkoba unaotoka nje ya mji unakula faida yako taratibu, na hutaona imekwendaje.

Jambo la mwisho la kuamua usiku huo ni malipo. Swali la "Naweza kulipa nikipokea?" litakuja tu. Mimi nimeamua hivi: eneo la karibu na la kati mteja analipa mzigo ukimfikia. Eneo la mbali analipa delivari kwanza, pesa ya mkoba akiupokea. Sababu ni safari ya kurudi. Mtu wa mbali akikataa mzigo mlangoni, dereva anakudai 900 ya kwenda na pengine 900 nyingine ya kurudi, na mkoba bado uko mikononi mwako. Mzigo wa basi unalipiwa wote kabla haujatoka. Wewe unaweza kuamua vingine, ila amua kabla hujaulizwa, na uamuzi uwe mmoja kwa wote.

Pandisha posti ikiwa imejibu maswali tayari

Maelezo chini ya picha hukatwa. Msomaji huona mstari wa kwanza au miwili, mengine hubaki yamefichwa hadi abonyeze kuyafungua, na wengi hawabonyezi. Ukianza na "Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu, leo tumewaletea mzigo mpya", salamu ndiyo imekaa mahali pa bei. Anza hivi:

"Mkoba wa bega. Mdogo 2,800, mkubwa 3,500. Tunaleta hadi mlangoni."

Salamu ifuate baadaye. Kisha wewe mwenyewe uwe wa kwanza kuandika komenti, na uiweke juu ya nyingine zote. Kwenye Instagram unabonyeza komenti na kuishikilia, kisha unachagua Pin. Kama mtandao unaotumia hauna nafasi hiyo, yaweke maneno hayo mwishoni mwa maelezo. Komenti yangu huwa hivi:

"Delivari: upande huu wa daraja 300. Ng'ambo ya daraja hadi barabara kuu 550. Kupita barabara kuu 900. Nje ya mji kwa basi 850. Ukithibitisha kabla ya saa 6 mchana unapata siku hiyohiyo kabla ya saa 12 jioni, ukichelewa unapata kesho yake. Jumapili hatutumi. Hatutoi namba ya malipo kwenye komenti."

Hiyo sentensi ya mwisho ina sababu yake, nitaifikia.

Pandisha posti wakati ambao utakuwa na saa nzima mkononi. Swali la kwanza mara nyingi huja mapema, na jibu lake ndilo kila anayefuata atalikuta. Ukipandisha halafu ukaingia safarini au jikoni, maswali yanajipanga foleni bila mwenyeji.

Andaa maneno ya mkato kwenye simu

Haraka haitokani na vidole, inatokana na kutoandika sentensi ileile mara arobaini. Kwenye iPhone kuna sehemu inaitwa Text Replacement ndani ya mipangilio ya kibodi. Kwenye simu zenye kibodi ya Gboard iko chini ya Dictionary, kisha Personal dictionary. Unaandika kifupisho, unaandika maneno yake kamili, na kila ukiandika kifupisho simu inakupa sentensi nzima. Vyangu ni vinne tu: "bmk" kwa bei ya mkoba, "dlv" kwa delivari, "lpa" kwa utaratibu wa malipo, "ish" kwa saizi iliyokwisha. Chagua herufi ambazo si neno la kawaida, la sivyo sentensi ya bei itajitokeza unapomwandikia mama yako.

Lakini usibandike jibu lilelile, herufi kwa herufi, kwa watu kumi mfululizo. Mitandao huona hiyo kama tabia ya akaunti za ulaghai na huweza kukuzuia kukomenti kwa muda, tena siku ambayo posti yako ndiyo inakwenda vizuri. Acha kifupisho kilete bei, kisha uandike kwa mkono jina la akaunti ya mteja na neno moja linalogusa alichouliza. Hapo jibu ni la kwake kweli.

Kuhusu namna ya kumwita: picha ya wasifu si ushahidi wa chochote. Nimewahi kumwita "dada" mwanamume ambaye alikuwa ameweka picha ya mkewe. "Habari, karibu" inatosha hadi mwenyewe ajitambulishe.

Jibu lenyewe: bei, jumla, siku, na hatua moja

Tuseme mtu ameandika: "Bei na delivari?" Hajasema saizi wala yuko wapi. Jibu baya ni kumrudishia maswali matatu: "Unataka saizi gani? Rangi gani? Upo wapi?" Ameuliza, naye anaulizwa. Mpe kwanza, ndipo uombe:

"Habari, karibu. Mdogo 2,800, mkubwa 3,500. Delivari ni 300 hadi 900 kulingana na ulipo. Upo eneo gani nikupe jumla?"

Swali ni moja tu, na ni lile ambalo bila hilo huwezi kuendelea. Anajibu: "Ng'ambo ya daraja, karibu na hospitali." Hapo usimwambie "delivari ni 550" ukamwachia hesabu. Ifanye wewe:

"Hapo ni 550. Mkubwa hadi mlangoni jumla 4,050, mdogo jumla 3,350. Ukithibitisha leo Jumanne kabla ya saa 6 mchana, unaupata leo Jumanne kabla ya saa 12 jioni. Unalipa ukipokea. Nitumie ujumbe wenye neno MKUBWA au MDOGO nikuandikie oda."

Tazama kilichomo. Jumla ni namba moja ambayo mteja ataitoa mfukoni. Muda una jina la siku. Hatua inayofuata ni moja na ni nyepesi, hata mtu aliyembeba mtoto kwa mkono mmoja anaweza kuifanya. Na yule anayesoma kimya, anayekaa ng'ambo ya daraja, amepata jibu lake lote bila kuuliza.

Jina la siku nalisisitiza kwa sababu liliwahi kunigharimu. Niliandika "ukilipa leo unapata kesho". Mtu akaisoma Jumamosi, komenti ikiwa na siku tatu, akalipa, akamwahidi mtu zawadi ya Jumapili. Mimi Jumapili situmi. Kwenye posti, "leo" na "kesho" huchacha haraka. Vivyo hivyo "zimebaki 2": iliyoandikwa asubuhi huwa uongo ifikapo jioni, hata kama hukukusudia. Andika "hadi saa 4 asubuhi Jumanne zilikuwa 2".

Wakati komenti ni nyingi kwa mpigo, usizijibu kwa mpangilio wa kuingia. Anza na waliokwisha kutaja eneo au saizi, hao wameshaingiza mkono mfukoni. Kisha waulizao bei. Waliosema "nzuri sana" washukuru baadaye, hawatakasirika. Na kila jibu liandike chini ya swali lenyewe kwa kubonyeza Reply. Ukiandika komenti huru, mteja anaweza asipate taarifa kwamba amejibiwa, na wasomaji hawajui "ndiyo, tunaleta" ilikuwa ya nani.

Maswali yanayokwaza

"Mwisho bei gani?" Hili litakuja hata kama bei umeiandika kwa herufi kubwa. Ukimpunguzia mmoja hadharani, umewapunguzia wote, pamoja na aliyelipa bei kamili jana na bado anasoma. Ukimpunguzia inboksi kwa siri, siri hiyo itafika kwa rafiki yake. Mimi punguzo langu nalifunga kwenye jambo ambalo kweli linaniokolea gharama, na jambo hilo ni safari. Mikoba miwili mikubwa kwenda anwani moja ng'ambo ya daraja ni 7,000 na delivari moja ya 550, jumla 7,550. Kila mmoja akiagiza kivyake wangelipa 8,100. Kwa hiyo najibu: "Bei ni hiyo kwa wote. Ukiagiza na jirani au mwenzako wa kazini mnalipa delivari moja badala ya mbili." Sijapoteza kitu, naye ana la kufanya ili apunguziwe.

"Kwa fulani ni 3,000." Usimseme fulani. Taja kilichomo kwenye chako: "Huu una bitana ndani na zipu mbili, na ukifika una kasoro tunaubadilisha kabla dereva hajaondoka." Kama hakina cha ziada, sema bei ni hiyo na mkaribishe, usitunge.

"Delivari ni bure?" "Hapana" ni jibu zuri likifuatwa na namba. Delivari ya bure hulipwa na mtu, na mara nyingi ni mteja wa karibu anayebebeshwa safari ya wa mbali ndani ya bei ya mkoba. Ukitaka kuitoa, itoe kwa eneo la karibu peke yake, na uandike hivyo.

Umekosea bei hadharani? Umeandika 2,500 badala ya 2,800? Rekebisha hapohapo, chini ya jibu lile, kwa maneno wazi: "Samahani, bei sahihi ni 2,800. Wewe niliyekuandikia 2,500 utapata kwa hiyo." Usifute kimya. Aliyeiona ana picha ya skrini, na hasara ya 300 ni ndogo kuliko posti yenye mtu anayedai umemgeuka.

Mahali pa kuhamia inboksi

Bei, delivari, siku, saizi na utaratibu wa malipo vibaki hadharani. Jina kamili, namba ya simu, nyumba anapoishi na malipo yenyewe viende inboksi. Wateja wengi kwa haraka zao huandika namba ya simu kwenye komenti: "Nipigie 07..." Ifiche au ifute, kisha umwandikie inboksi ukimweleza sababu, asidhani umemfukuza.

Sababu ni matapeli. Wanatembea kwenye posti za wauzaji, wanatengeneza akaunti yenye picha yako na jina linalofanana na lako, pengine limezidi herufi moja au kistari cha chini, kisha wanawajibu wateja wako kabla yako: "Karibu, zimebaki mbili, lipia namba hii." Mteja analipa, halafu anakuja kukudai wewe. Ndiyo maana komenti ya juu inasema hatutoi namba ya malipo hapa, na ndiyo maana jibu la haraka ni ulinzi pia: nafasi iliyo tupu chini ya swali ndiyo anayoingilia. Ukiona jibu ambalo hukuandika, fungua jina la akaunti ulisome herufi kwa herufi, piga picha ya skrini, futa jibu, izuie na uiripoti akaunti, kisha mwandikie yule mteja moja kwa moja. Fanya kwa mpangilio huo. Ukifuta kabla ya kupiga picha hutakuwa na cha kuonyesha.

Mzigo ukiisha

Posti haifi mkoba wa mwisho unapouzwa. Itaendelea kuonekana kwa majuma, na watu wataendelea kuuliza. Badilisha mstari wa kwanza wa maelezo: "Mkubwa umeisha. Mdogo upo, 2,800." Ibadilishe komenti ya juu pia. Kama bei imepanda kwa mzigo mpya, fungua posti mpya badala ya kubadilisha namba kwenye ile ya zamani, kwa sababu majibu yako ya awali yote yana bei ya zamani, na anayesoma ataona muuzaji mmoja mwenye bei mbili. Wale uliowaambia "nitakujulisha ukija" waandike kwenye daftari siku hiyohiyo, jina la akaunti na saizi, maana baada ya posti tatu hutawapata tena.

Kisha shuka kwenye komenti, uhesabu maswali yaliyojirudia. Kama watu wengi bado waliuliza bei, angalia posti yako kwa simu ya mtu mwingine: bila shaka bei imeangukia sehemu iliyofichwa. Kama waliuliza "ng'ambo ya daraja ni pamoja na huku kwetu?", mpaka wako haueleweki, tafuta alama nyingine ambayo kila mtu anaijua. Kama waliuliza kitu ambacho hukukitaja popote, tuseme urefu wa mkanda au kama daftari kubwa linaingia, kipime sasa hivi mkoba ukiwa bado mezani, kiwe mstari wa pili wa posti ijayo.